Mteja akiandika "luku" peke yake: namna ya kumjibu

Malalamiko kuhusu majibu ya dawati la huduma kwa wateja yameongezeka, na mengi yanahusu ujumbe wa aina moja. Mteja anatuma neno "luku", au "mbona haiingii", halafu anajibiwa hivi: "Fafanua tatizo. Tuma jina kamili, namba ya mita, namba ya muamala na mahali ulipo ndani ya dakika 10, vinginevyo ombi litafungwa." Wengi hawajibu tena. Wengine hudhani ni tapeli, na hatuwezi kuwalaumu. Maelezo haya ni kwa watumishi wa madawati, mawakala wanaouza umeme, na yeyote mtaani anayewasaidia majirani kwa simu.

Aliyeandika "luku" hajakosea. Yuko gizani, chaji inaisha, na hajui tatizo lake linaitwaje. Kumwambia "fafanua" ni kumrudishia kazi ambayo ndiyo iliyomshinda. Mpe njia mbili au tatu za kuchagua, kisha mwache. Jibu tunaloelekeza ni hili:

"Habari, ujumbe umefika. Je, umelipa na tokeni haijaja? Au mita inakataa tokeni? Au uniti zimekuja pungufu? Kama ni jambo jingine, andika tu, muda wowote."

Njia hizo tatu zinafuata safari ya pesa yenyewe. Pesa inatoka kwenye simu, mfumo unatengeneza tokeni ya tarakimu 20, tokeni inaingizwa kwenye mita, uniti zinasomeka. Kila swali linagusa hatua yake, kwa hiyo hayaingiliani. Ukiuliza "tokeni haifanyi kazi au mita ina shida?" utajibiwa "ndiyo", kwa sababu machoni pa mteja hayo ni jambo moja. Jibu la "ndiyo" ni dalili kwamba maswali yako yamepandana au yamezidi matatu. Hapo usiyarudie. Uliza moja tu: "Ujumbe wenye tarakimu 20 umekufikia?" Akisema hapana, tatizo liko kwenye malipo. Akisema ndiyo, liko kwenye mita au kwenye hesabu ya uniti.

Jibu hilo lina herufi 153 pamoja na nafasi. Ujumbe mfupi mmoja wa simu hubeba 160. Ukizidi hapo unakatwa vipande, na kwenye baadhi ya simu vipande hufika vimepishana. Ukiweka kikatuni cha uso, au alama za kunukuu zilizopinda zinazotoka kwenye kompyuta, kikomo kinashuka hadi 70. Ndiyo maana salamu ni neno moja na jina la kitengo halimo.

Usiweke muda wa mwisho. Usiandike kwa herufi kubwa. Usitume ukumbusho: mteja akinyamaza, huenda umeme umerudi. Acha kumbukumbu wazi kwa muda wa kawaida wa dawati lako, kisha uifunge kimya kimya. Akiandika tena, endelea pale mlipoishia.

Taarifa za mteja ziombwe baada ya kuchagua, na ni zile tu zinazohitajika. Kwa tokeni ambayo haijaja, omba namba ya mita, kiasi alicholipa na namba ya muamala. Kwa mita inayokataa, mwombe asome namba iliyoandikwa kwenye mita yake na ailinganishe na ile aliyolipia, kwa sababu tokeni hutengenezwa kwa mita moja na huingia mara moja tu. Kwa uniti pungufu, angalia makato kwanza: kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU tangu 2021, na bado wapo wanaoshikilia kwamba wameibiwa. Waonyeshe mstari wa makato kwenye ujumbe wao wa malipo. Namba ya siri haiombwi kamwe, na anayeiomba si mtumishi wetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zisizidi lengo hilo. Mtumishi anayetoa taarifa za mteja kinyume cha sheria anakabiliwa na faini au kifungo yeye binafsi, mbali na hatua za kinidhamu kazini. Kwa hiyo picha ya muamala wa mteja isitumwe kwenye kundi la wafanyakazi, hata kwa nia ya kuomba msaada.

Kuna ujumbe usiofaa kujibiwa kwa njia hii hata kidogo. Ukiona neno "waya", "cheche", "moshi" au "nguzo", hata kama sentensi haieleweki, usitoe machaguo. Andika: "Kaa mbali, usiguse chochote, na wengine wasisogee. Uko wapi?" Kisha mpigie simu mara moja.