Je, wajua kiungo ndani ya kikumbusho hufikaje mahali hasa pa kazi?

Kwa nini mtu aweke kiungo kwenye kikumbusho badala ya kuandika tu jina la kazi, na kiungo hicho hujuaje mahali pa kufungua?

Tumchukue karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huko Newala, msimu wa korosho, ambaye simu yake humlilia saa 2 asubuhi kwa maneno "Hakiki uzito wa mnada". Kabla ya kuhakiki chochote, inambidi afungue Drive, atofautishe faili la mwaka huu na la mwaka jana, achague karatasi ya mnada husika, kisha ateremke hadi mstari alioishia jana. Ni katika hatua hizo, wala si katika kuhakiki kwenyewe, ndipo ujumbe mwingine huingia na kazi ikasogezwa hadi mchana. Kiungo kilichobandikwa kwenye maelezo ya tukio la kalenda huziruka zote.

Kwenye Google Sheets, akiwa kwenye kompyuta, hubonyeza seli kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua `View more cell actions`, kisha `Get link to this cell`. Atapata anwani ya namna hii:

```
https://docs.google.com/spreadsheets/d/KITAMBULISHO/edit#gid=0&range=B214
```

Sehemu iliyo baada ya `/d/` ni kitambulisho cha faili, nacho hakibadiliki hata faili likipewa jina jipya au likihamishiwa folda nyingine. Namba ya `gid` hutaja karatasi, na `range` hutaja seli. Yaliyo baada ya alama ya `#` hayapelekwi kwenye seva, bali husomwa na kivinjari au programu inayofungua faili. Ndiyo maana programu isiyoyajali humfikisha mtu kwenye faili sahihi lakini mahali pengine. Kwa hiyo kiungo kijaribiwe kwenye simu ile ile itakayolia.

Kosa gumu zaidi kugundua ni la seli. B214 ni anwani tu, haiyafuati yaliyomo, hivyo mwenzake akiongeza mistari mitatu juu, mkulima aliyekuwa B214 sasa yuko B217, na kiungo bado hufunguka bila kulalamika. Mimi ningeupa kila mnada karatasi yake na kuelekeza kiungo kwenye `gid` pekee, kwa kuwa namba hiyo hubaki ile ile hata karatasi ikibadilishwa jina.

Ikitokea `You need access`, mara nyingi simu imeingia kwa akaunti nyingine, basi faili lishirikishwe kwa akaunti hiyo. Kulifungua kwa kila mwenye kiungo ni njia ya mkato isiyofaa kwa faili lenye namba za akaunti za benki za wakulima, maana kikumbusho husambazwa kirahisi kama ujumbe mwingine wowote.