Saa 42 na nusu zinaposomeka 18:30 kwenye Excel

Chukua jedwali la saa za kazi za fundi mmoja kwa wiki. Jumatatu 8:30, Jumanne 9:15, Jumatano 7:45, Alhamisi 8:00, Ijumaa 9:00. Saa hizo zimeandikwa kwenye seli B2 hadi B6, na B7 ina fomula ya kawaida:

```
=SUM(B2:B6)
```

Ukijumlisha kwa mkono unapata saa 42 na dakika 30. B7 inaonyesha 18:30. Wengi hapo huanza kuifuta fomula na kuiandika upya, kazi bure, kwa sababu fomula haina kosa lolote. Jumla iliyohifadhiwa ndani ya seli ni sahihi. Kinachopotosha ni jinsi inavyoonyeshwa.

Excel haihifadhi saa kama saa. Huhifadhi namba ya kawaida ambayo 1 ni siku nzima, yaani saa 24. Kwa hiyo 12:00 ni 0.5, na 6:00 ni 0.25. Jumla ya fundi wetu, 42.5 ukigawa kwa 24, ni takriban 1.7708: siku moja kamili na sehemu ya siku ya pili. Sasa, muundo wa `h:mm` umetengenezwa kwa ajili ya saa ya ukutani. Kazi yake ni kujibu "sasa hivi ni saa ngapi?", na saa ya ukutani ikimaliza siku huanza upya. Kwa hiyo ile 1 ya mwanzo haionyeshwi, inabaki 0.7708, ambayo ni 18:30. Saa 24 zimefichwa, hazijapotea.

Ukitaka kuhakikisha, bofya B7 kisha ubadilishe muundo wake kuwa General. Utaona 1.770833. Namba ikizidi 1 ilhali seli ilionyesha saa chini ya 24, ugonjwa ni huu tunaouzungumzia.

Dawa ni mabano ya mraba. Chagua B7, bonyeza Ctrl+1, fungua Number, kisha Custom upande wa kushoto. Kwenye kisanduku cha Type futa kilichopo na uandike:

```
[h]:mm
```

Bonyeza OK na B7 itasoma 42:30. Mabano yanaiambia Excel isianze kuhesabu upya ikifika 24, bali iendelee. Ukiandika `[m]` utapata dakika zote, 2550. Mabano huwekwa kwenye kipimo kikubwa kabisa peke yake. Dakika zinazofuata saa hubaki bila mabano. Kwenye Google Sheets njia ya mkato ni Format, Number, kisha Duration.

Mimi hupendelea kuweka muundo huu kwenye safu nzima ya saa, si kwenye jumla tu. Zamu ya mtu mmoja inaweza nayo kuvuka saa 24, na hapo hakuna atakayeshtuka kwa kuwa seli moja haivuti macho kama jumla.

Shida ya pili hujitokeza kwenye malipo, na ndiyo inayouma zaidi. Tuseme fundi analipwa shilingi 2,500 kwa saa. Hata kama B7 sasa inasoma 42:30 vizuri, ukiandika `=B7*2500` utapata 4,427 na senti kidogo, kwa sababu Excel imezidisha siku 1.7708, si saa 42.5. Muundo hubadilisha kinachoonekana tu, haugusi namba yenyewe. Geuza siku kuwa saa kwanza:

```
=B7*24*2500
```

Jibu ni 106,250. Likitokea kwa sura ya ajabu kama 2550000:00, ujue seli ya malipo imerithi muundo wa saa. Ipe muundo wa Number na itatulia.

Kuna wanaokwepa yote haya kwa kuandika `=TEXT(SUM(B2:B6),"[h]:mm")`. Inaonyesha 42:30 sawasawa, lakini matokeo yake ni maandishi, na SUM ikielekezwa kwenye seli za namna hiyo huziruka kimyakimya. Jumla ya mwezi iliyojengwa juu ya jumla za wiki za TEXT itasoma 0:00. Itumie kwenye sentensi ya ripoti, si kwenye hesabu itakayoendelea.

Na kama baada ya kuweka mabano jumla imekuwa kubwa kupita kiasi, mathalani 199:12 kwa siku moja, angalia aliyeingiza saa. Ameandika 8.30 kwa nukta badala ya 8:30, na Excel imeisoma kama siku 8.3. Muundo wa zamani ungeonyesha 7:12, na pengine hakuna ambaye angeuliza.