Ripoti ya hitilafu isiyo na lawama: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Kutolaumu ni kumfichia aliyekosea.

Ukweli ni kwamba ripoti isiyo na lawama, yaani inayochunguza jinsi mfumo ulivyoruhusu kosa badala ya kutafuta wa kulaumiwa, hufichua mengi zaidi. Chukua mkasa wa 19 Julai 2024. CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, ilisambaza sasisho saa 04:09 UTC, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikazima. Sasisho liliondolewa saa 05:27, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka zilihitaji mtu akae mbele yake na kufuta faili bovu kwa mkono.

Ripoti ya kulaumu ingeandika: "Mhandisi hakujaribu faili ipasavyo." Mwisho wa uchunguzi. Ripoti ya kampuni yenyewe iliyotoka Agosti ilieleza kwamba muundo wa sasisho ulitaja vigezo 21, ilhali programu iliyokuwa kwenye kompyuta ilitoa 20 tu. Majaribio hayakunasa tofauti hiyo kwa sababu kigezo cha 21 kilikuwa kikiachwa kikubali thamani yoyote, hivyo programu haikulazimika kukisoma. Sasisho la siku ile ndilo la kwanza kudai thamani mahususi pale, programu ikasoma kumbukumbu nje ya mipaka yake na Windows ikaanguka nayo. Kikaguzi, yaani programu inayokagua faili kabla halijasambazwa, nacho kilipitisha faili, maana kilidhani vigezo 21 vipo. Mhandisi makini kuliko wote angeona majaribio yamefaulu, akaendelea.

Ndiyo maana unapowahoji wahusika, usiulize "Kwa nini hukuangalia?" Uliza "Skrini ilikuonyesha nini kabla hujabonyeza?" Swali la kwanza huzaa kujitetea, la pili huzaa ushahidi.

Dhana: Lazima kuwe na chanzo kimoja.

Kasoro ya kigezo inaeleza kwa nini kompyuta ilianguka. Haielezi kwa nini zilianguka nyingi hivyo. Masasisho ya aina ile hayakuwa yakitolewa kwa awamu, kwa hiyo hapakuwa na kundi dogo la kutangulia kuumia na kuwaokoa wengine. Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina dawa yake.

Dhana: "Tutakuwa makini zaidi" ni hatua ya marekebisho.

Hiyo ni ahadi tu, na haikaguliki. Hatua huandikwa hivi: "Kikaguzi kikatae faili ambalo idadi ya vigezo vyake hailingani na ile inayotolewa na programu." Kisha iwekewe timu ya kuitekeleza, tarehe ya mwisho, na jaribio: peleka faili bovu makusudi, uone kama litakataliwa. Hapa majina ya watu yanaruhusiwa kabisa, kwa kuwa ni ya watakaorekebisha.

Mipaka ipo. Mtu akiharibu mfumo kwa kukusudia, suala lake linashughulikiwa na uongozi kwa utaratibu mwingine, nje ya ripoti hii.