Alama ya usomekaji na korosho za Newala

“Kipimo kinasema maandishi ya pakiti zetu za korosho ni magumu mno. Je, tufupishe kila sentensi?”

La. Kanuni ya usomekaji ya Flesch ya mwaka 1948, ambayo alama yake ikishuka humaanisha maandishi ni magumu zaidi, ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, nayo hupunguza alama kadiri maneno yanavyokuwa na silabi nyingi. Sentensi “Tumezibangua kwa mkono” ina maneno 3 na silabi 10, hivyo hupata takriban −78, ilhali mtoto wa Masasi huielewa mara moja, kwa kuwa Kiswahili hukusanya mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja.

Iacheni alama hiyo. Hesabuni maneno, kisha sentensi zinazozidi, tuseme, 25 mzisome kwa sauti. Maelekezo ya kuhifadhi yaliyobeba masharti matatu kwa pamoja yakatwe kuwa sentensi fupi, maana msomaji hupotea katikati. Lakini sentensi ile inayoanza “Zimeokotwa Newala, zikaanikwa juani, zikabanguliwa…”, hata ikifika maneno 30, iachwe: mfuatano wa -ka- humwongoza msomaji hatua kwa hatua, na mkiweka nukta baada ya kila kitendo, sauti ya msimulizi, ambayo kwangu ndiyo mali yenu kubwa, hutoweka.