Tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa

“Matumbawe yakishakuwa meupe yamekufa, basi hakuna la kufanya.”

Bado. Weupe ule ni mifupa ya chokaa inayoonekana kupitia nyama angavu ya tumbawe lililo hai. Rangi hutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama hiyo na kulipatia tumbawe sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto, mwani huo huanza kutoa kemikali zenye sumu, na tumbawe huufukuza. Kuanzia hapo lina njaa.

Kinachoamua ni muda. Wataalamu huzidisha nyuzijoto zilizozidi wastani wa mwezi wa joto kuliko yote kwa idadi ya wiki, wakihesabu ziada ya nyuzi 1 au zaidi ndani ya wiki 12. Tuseme wastani huo ni nyuzi 29 na maji yamekaa 30.5 kwa wiki 4: 1.5 mara 4 ni 6. Kwenye 4 kupauka hutarajiwa. Kwenye 8, vifo vingi.

Ukizamia, tazama kwa karibu. Lililo hai lina uso safi wenye utelezi. Lililokufa huota manyoya ya mwani, kisha huwa kahawia au kijani. Rangi iliyorudi, kwa hiyo, yaweza kukudanganya.

Mwaka 1998, pwani ya Kenya, matumbawe ya matawi yalikufa kwa wingi, ilhali yale makubwa ya mviringo mengi yalipona. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi katika wiki au miezi kadhaa.