Je, wajua "pumzi ya Mungu" kwenye 2 Timotheo 3:16 ni nini hasa?

"Hiyo theopneustos, neno la Kigiriki lililotafsiriwa hivyo, ina maana Mungu aliwasomea waandishi neno kwa neno, wao wakaandika tu?"

Hapana, neno lenyewe haliendi mpaka huko. Limeungwa na theos, yaani Mungu, na pneo, kupumua au kupuliza, na kwenye Agano Jipya lote limetokea hapo tu, kwa hiyo huwezi kusema ngoja nicheki Paulo kalitumiaje kwingine. Mabishano yako kwenye ile -tos ya mwisho maana kwa Kigiriki inaweza kuwa ya kutendwa au ya kutenda, sasa je andiko limetoka kwenye pumzi ya Mungu, au andiko ndo linampumua Mungu kwa msomaji? Mwaka 1900 mwanateolojia Benjamin Warfield wa Princeton, Marekani, alilichambua kwa kirefu akasema ni ya kutendwa, na wengi wamebaki hapo. Mimi pia naona hivyo, angalia tu 1 Wathesalonike 4:9, kuna theodidaktos, muundo uleule kabisa, na maana yake ni waliofundishwa na Mungu, sio wanaomfundisha Mungu.

Sasa hapa ndo watu wengi wanateleza. Kinachoitwa theopneustos ni graphe, andiko, sio mwandishi. Mstari hausemi Mungu alimpulizia Isaya kichwani, wala hauelezi kama mtu alipitiwa, aliota, au alikaa akatafuta habari kama Luka anavyosema mwenyewe mwanzoni mwa injili yake. Hiyo picha ya kupuliziwa ndani imesaidiwa sana na Kilatini, Vulgata, ile Biblia ya Kilatini ya zamani, imeandika divinitus inspirata, na inspirata ni kupuliza kuingia ndani ya kitu, wakati Kigiriki hakina hiyo "ndani". Ukitaka habari za waandishi wenyewe nenda 2 Petro 1:21, kule wanasemwa wameongozwa na Roho, ila neno la kule ni lingine kabisa, la kubebwa.

Na andiko gani? Rudi mstari mmoja nyuma, 3:15, ni yale maandiko matakatifu ambayo Timotheo ameyajua tangu utoto, na Timotheo akiwa mtoto injili zilikuwa bado hazijaandikwa, kwa hiyo moja kwa moja ni maandiko ya Wayahudi. Kuliingiza na Agano Jipya ni hatua nyingine, inahitaji hoja zake.

Halafu Kigiriki hakijaweka "ni" popote kwenye sentensi hiyo. Ndo maana Biblia ya Union inasoma "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa", kama vile pumzi ni sifa iliyopachikwa pembeni, wakati Biblia ya Habari Njema inatamka wazi kwamba yameandikwa kwa uongozi wa Mungu, tena yanafaa. Kisarufi zote zinapita, ila 1 Timotheo 4:4 ina mpangilio huohuo, "kila kiumbe cha Mungu ni kizuri, wala hakuna cha kukataliwa", na pale hakuna anayesoma "kila kiumbe kizuri", kwa hiyo mimi niko na Habari Njema kwenye ile "ni", japo "pumzi" ya Union iko karibu zaidi na Kigiriki kuliko "uongozi".