Kitu, Sana na Nzuri: Dhana Potofu Kuhusu Maneno ya Jumla

Dhana: Neno mahususi ni neno gumu.

Ukweli: Aghalabu ni neno la kila siku ambalo mwandishi hakujipa muda wa kulitafuta. Tuchukue sentensi hii ya taarifa ya ukarabati: «Kile kitu cha pampu kiliharibika sana, lakini fundi amefanya kazi nzuri.» Msomaji hajui kilichoharibika wala kilichofanyika. Sasa isomeke hivi: «Mpira wa vali ya pampu ulichanika, lakini fundi ameubadilisha na maji hayavuji tena.» Kitu kimepata jina lake. Kitenzi «kuchanika» kimeeleza aina ya uharibifu, na kwa hiyo «sana» haina kazi tena. «Kazi nzuri» nayo haikupewa kivumishi kingine, bali imeachia nafasi matokeo ambayo msomaji anaweza kuyahakiki mwenyewe. Kwa maoni yangu, hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi.

Mtego uko kwenye upatanisho wa kisarufi. «Kitu» kinapoondoka, ngeli yake huondoka nacho: «kiliharibika» hugeuka «ulichanika». Anayebadilisha nomino pekee huacha «kibadilishwe» au «hicho» sentensi mbili mbele, vikiwa havina tena cha kurejelea. Kwa hiyo, baada ya kubadilisha nomino, fuatilia viambishi vyake hadi mwisho wa aya.

Dhana: «Sana» huongeza nguvu ya maelezo.

Ukweli: Huongeza msisitizo bila kutaja kiasi. «Mgonjwa ana joto sana» haimsaidii daktari kama «joto la mgonjwa ni nyuzi 39 za Selsiasi». Katika masimulizi, ambako kipimo kingekwaza, Kiswahili kina viigizi: alilala fofofo, giza totoro, nyeusi tii, nyeupe pe. Kila kimoja kina mwenzake wa kudumu, kwa hiyo «nyeupe tii» ni kosa, na kuongeza «sana» baada ya «pe» ni kurudia yaliyokwisha kusemwa. Hata hivyo, viigizi hivyo havifai katika taarifa ya kitaalamu.

Dhana: «-zuri» ina mbadala mmoja bora.

Ukweli: Nomino ndiyo inayoamua. Kisu kizuri ni kikali, kamba nzuri ni imara, tabia nzuri ni njema, maelezo mazuri ni bayana. «Daktari mzuri» anahitaji uamuzi wa mwandishi, kwa kuwa stadi na mpole ni sifa mbili tofauti, na mtu anaweza kuwa na moja akakosa nyingine.

Dhana: Maneno haya yafutwe kabisa.

Ukweli: Dereva anayesema «kuna kitu kinagonga ndani ya injini» amesema kweli kwa kadiri ya anachokijua. Akitaja kifaa asichokiona, atampeleka fundi mahali pasipo na hitilafu. Analoweza kulifanya mahususi ni lile alilolisikia: kinagonga injini ikiwa baridi, au mwendo unapoongezeka.